Akikwambia "Nipigie Robo Ijayo": Kuitafuta Tarehe Kabla Hujakata Simu

Robo mwaka ina siku tisini na kitu. Mteja anapokwambia umpigie robo ijayo, hajakupa hata siku moja kati ya hizo. Ukimwitikia "sawa, nitakupigia" na mkaagana, umebeba ahadi isiyo na mahali pa kuitua. Utapiga wiki ya kwanza uambiwe bado mapema. Utapiga wiki ya mwisho uambiwe mbona ulikuwa kimya, pesa imeshakwenda kwingine.

Kwa kawaida mteja hadanganyi anaposema hivyo. Anachokijua ni kwamba sasa hivi haiwezekani, na robo ijayo ndiyo jina la karibu alilolipata kichwani kuita wakati ambao huenda ikawezekana. Kazi yako ni kumsaidia kuutazama wakati huo kwa karibu. Ndani ya zile siku tisini, uamuzi wa kununua huwa unaweza kufanyika katika siku chache tu: pale ambapo mwenye pesa yupo, hesabu zimeshafungwa, na kazi ikianza itaisha kabla ya mteja kuhitaji matunda yake. Siku hizo mnazitafuta pamoja, kwenye simu hiyo hiyo aliyokuahirishia. Ukingoja robo ifike ndipo uzitafute, nyingi zitakuwa zimeshapita.

Nitakuonyesha kwa mfano mmoja, tuufuate mpaka mwisho, kwa sababu maneno ya kumjibu mteja hayana maana yakiwa peke yake bila kalenda iliyo nyuma yake.

Tuseme unauza mifumo ya kuchemsha maji kwa jua. Leo ni Jumanne, 17 Novemba 2026. Mteja wako ni meneja wa hoteli ya vyumba ishirini pale Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Kila chumba kina hita yake ya umeme, bili inamuumiza, na mlipokutana mara ya kwanza aliipenda hesabu uliyompa. Leo umempigia kujua amefikia wapi, naye anasema: "Kaka, wazo zuri, lakini sasa hivi tunaingia msimu, pesa yote iko kwenye maandalizi ya Krismasi. Nitafute robo ijayo."

Swali la kwanza baada ya "sawa"

Anza kwa kukubali, na ukubali kweli. Hoteli ya Zanzibar inayojiandaa kwa wageni wa mwisho wa mwaka haina nafasi ya mafundi juu ya paa, na meneja anayejua kazi yake hawezi kukuruhusu. Ukianza kubishana ("lakini Bi Meneja, ukianza sasa utaokoa zaidi") unamwonyesha kwamba hukumsikia. Atalirudia jibu lake kwa ukali kidogo na mazungumzo yataishia hapo.

Usimuulize "kwa nini" pia. Sababu ameshakupa, na "kwa nini" ya muuzaji humfanya mtu ajione anadaiwa maelezo. Muulize kuhusu huko mbele: "Sawa kabisa Bi Meneja, msimu ni msimu. Nisaidie kitu kimoja ili nisije nikakusumbua wakati usiofaa. Ikifika robo ijayo, kitakachokuwa kimekaa sawa ni nini hasa: pesa, mwenye kuamua, au nafasi ya kufanya kazi yenyewe?"

Mambo hayo matatu yametajwa kwa makusudi. Karibu kila ahirisho la kweli limeegemea mojawapo, na kila moja lina kalenda yake. Pesa ina tarehe ya kuingia na tarehe ya kupangwa. Mwenye kuamua ana siku anazokuwepo na siku ambazo hapatikani. Nafasi ya kazi ina majira yake. Mteja akishataja ni lipi, swali linalofuata huja lenyewe: lini?

Meneja wetu anajibu: "Pesa si tatizo sana baada ya sikukuu. Ila mwenye hoteli ndiye anayeidhinisha vitu vikubwa, naye yuko nje. Huja mwisho wa Disemba, huwa hapa mpaka baada ya Mapinduzi. Halafu kazi yenyewe ni mpaka tufunge, Aprili na Mei."

Sentensi chache hizo zimekupa vitu ambavyo "robo ijayo" haikuwa navyo. Umejua anayeamua ni nani na atakuwepo lini. Umejua pesa itahesabiwa baada ya sikukuu. Umejua pia kwamba kazi haiwezi kuanza kabla ya hoteli kufungwa wakati wa masika, na bila shaka lazima iishe kabla haijafunguliwa. Kwa hiyo muulize moja zaidi: "Mkifunga mwezi wa nne, wageni wanarudi lini?" Anasema wanafungua tarehe 1 Juni.

Hiyo tarehe 1 Juni ndiyo msumari wa kutundikia kalenda nzima. Ni tarehe yake, haikutoka kwako, na hawezi kuisogeza kwa urahisi kwa sababu wageni wameshalipia vyumba.

Kurudi nyuma kutoka siku ya kufungua

Sasa hesabu kinyumenyume, na uifanye kwa sauti, mteja akisikia. Hapa ndipo muuzaji anayeijua bidhaa yake anapotofautiana na anayeuza maneno.

Vyumba ishirini, kwa timu ya mafundi wanne, ni wiki tatu za kazi. Ongeza wiki moja, maana masika pwani haina mzaha na siku ya mvua fundi hapandi paani. Ukitaka mfumo ukae siku kadhaa ukijaribiwa kabla mgeni wa kwanza hajaoga, mafundi wanatakiwa wawe wameanza wiki ya mwisho ya Aprili. Tarehe 26 Aprili ni sikukuu ya Muungano, kwa hiyo Jumanne tarehe 27 ndiyo siku halisi ya kuanza.

Ili waanze tarehe 27, mzigo uwe umefika stoo Unguja katikati ya Aprili. Matangi na paneli zako zinatoka China. Kiwanda kinahitaji wiki mbili kupakia. Meli ni wiki tano hadi sita, na kontena likibadilishwa meli njiani huenda zaidi. Bandarini na forodhani utenge wiki tatu, na usijipunguzie. Ukijumlisha, adivansi iwe imeingia mwanzoni mwa Februari. Mpaka hapa mambo yanaonekana kuwa na nafasi: Januari nzima ya kuzungumza.

Lakini mwaka mpya wa Kichina wa 2027 unaangukia tarehe 6 Februari. Aliyewahi kuagiza mzigo China anajua maana yake: viwanda huanza kulegea siku kadhaa kabla, wafanyakazi wanasafiri makwao, na kazi hairudi kasi yake mpaka wiki mbili au tatu baadaye. Oda ya mwanzoni mwa Februari haitapakiwa mwezi huo. Itapakiwa Machi, na mzigo utafika mafundi wakiwa walitakiwa wawe nusu ya kazi. Ili upakiwe kabla kiwanda hakijafunga, adivansi iingie kabla ya tarehe 22 Januari hivi.

Na huku kwetu, Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza tarehe 8 Februari au siku moja pembeni, kwa kutegemea mwandamo wa mwezi, na Idi itaangukia karibu tarehe 10 Machi. Ramadhani Zanzibar si wakati wa kuitisha kikao cha kuamua matumizi makubwa. Ofisi zinafupisha saa, watu wanawahi futari, na jambo lisilo la lazima husogezwa baada ya Idi. Pasaka nayo ni tarehe 28 Machi.

Basi itazame sasa hiyo robo ya kwanza ya 2027. Sikukuu ya Mapinduzi ni Jumanne, 12 Januari. Mwenye hoteli anaondoka siku kadhaa baada ya hapo. Adivansi inatakiwa kabla ya tarehe 22. Katika siku tisini za robo, siku ambazo uamuzi unaweza kufanyika na kazi ikawahi kufungua hoteli ni kuanzia tarehe 13 hadi 21 Januari. Wiki moja na kidogo. Muuzaji ambaye angeandika kwenye daftari "Paje, nipige robo ijayo" na akapiga tarehe 3 Februari, akijiona amewahi, angekuwa ameshachelewa mwaka mzima.

Hesabu hii mpe mteja kama ilivyo: "Bi Meneja, kama mnafungua tarehe 1 Juni, mafundi waanze tarehe 27 Aprili. Mzigo ukitoka China kabla ya mwaka mpya wao, utawahi. Ukitoka baada ya hapo, hautawahi. Kwa hiyo bosi akiwa hapa baada ya Mapinduzi, ndiyo siku zenyewe. Tukiweka Alhamisi tarehe 14 Januari, saa nne asubuhi, atakuwepo?"

Tazama jinsi swali hilo lilivyo. Lina siku, tarehe na saa, na linaweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. "Tuongee mwezi wa kwanza" haliwezi kujibiwa hivyo, ndiyo maana kila mtu hulikubali na hakuna anayelitekeleza.

Ukweli wa haraka yako

Haraka uliyomwonyesha mteja iwe ya kweli yote, mpaka sehemu isiyokufaa wewe. Kama kuna njia nyingine, itaje. Katika mfano huu zipo mbili. Ya kwanza, mzigo unaweza kununuliwa Dar es Salaam kutoka kwa mwenye stoo. Bei itapanda, lakini uamuzi unaweza kungoja mpaka baada ya Idi. Ya pili, kazi inaweza kufanywa hoteli ikiwa wazi, vyumba vitano vitano, kwa kelele na usumbufu wake. Mwambie zote mbili na gharama zake. Meneja wa hoteli ameshaona wauzaji wengi wa "ofa inaisha Ijumaa", na siku atakayogundua kwamba tarehe yako ilikuwa ya kubuni, hata zile za kweli zitakosa uzito.

Kuna faida nyingine ya kusema njia zote. Mteja akichagua ya Dar es Salaam, umepata tarehe nyingine halisi: wiki ya tatu ya Machi, baada ya Idi na kabla ya Pasaka. Umetoka na siku kwa vyovyote.

Jambo dogo la kufanyika sasa

Ukiwa na tarehe 14 Januari mkononi, bado simu haijaisha. Angalia kama siku hiyo ikifika mtaweza kuamua, au mtakuta kuna kitu hakijafanyika. Mwenye hoteli atauliza bei kamili, na bei kamili huwezi kuitoa bila kupanda paani: kuona kama paa ni la makuti au la bati, mbao zinabeba uzito gani tangi likijaa, bomba la maji moto litapita wapi. Upimaji huo ukiuacha mpaka Januari, zile siku tisa zitaliwa na vipimo.

Basi omba: "Kabla wageni hawajajaa, naomba saa moja tu nije kupima paa, mimi na fundi mmoja. Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 26, asubuhi, itawafaa?"

Ombi hili lina kazi mbili. Ya kwanza ni vipimo vyenyewe. Ya pili ni kwamba linakuonyesha kama "robo ijayo" ilikuwa ahirisho au ilikuwa hapana ya heshima. Watu wetu, na wa pwani zaidi, hawapendi kumkatalia mtu usoni. "Nitafute baadaye", "tutaona inshallah", "nitazungumza na bosi" ni maneno ambayo mtu mwenye adabu anaweza kuyatumia kukataa bila kukuvunjia heshima, na pia anaweza kuyatumia akiwa na nia ya kweli. Huwezi kuyatofautisha kwa kusikiliza sauti. Utayatofautisha kwa kuomba kitu kidogo kisichogharimu pesa. Mwenye nia atakupa saa moja ya paa, au atakutajia siku nyingine. Asiye na nia hatakuwa na siku hata moja, na hatakupa sababu ya kukosa siku.

Ukipata dalili ya pili, usimkwaze. Mpe mlango wa kutokea: "Bi Meneja, kama mmeamua kubaki na hita za umeme kwa sasa, niambie tu, wala sitaona vibaya. Nitaacha kukusumbua, na mkibadili mawazo namba yangu unayo." Wengi hupumua. Wengine hukueleza wakati huo huo kikwazo cha kweli ambacho hawakutaka kukitaja: bosi ana ndugu anayeuza vitu hivyo hivyo, au hoteli inataka kuuzwa. Hapo umejua, na muda wako unaupeleka kwingine.

Ujumbe wa siku hiyo hiyo

Mlichokubaliana kwa simu kiandike kabla jua halijazama. Mfupi, kwa WhatsApp kama ndiyo njia mnayozungumzia, na barua pepe kama hoteli ina utaratibu huo. Huu hapa:

"Assalamu alaikum Bi Meneja. Ahsante kwa muda wako leo. Nimeandika tulivyoelewana: Alhamisi 26 Novemba, saa tatu asubuhi, ninakuja na fundi kupima paa, saa moja tu. Profoma nitakutumia kufikia Jumatano 2 Disemba, bei itasimama mpaka 31 Januari. Alhamisi 14 Januari, saa nne asubuhi, ninakuja Paje kuonana na mwenye hoteli ili aamue. Tarehe hiyo tumeichagua ili mzigo utoke kabla ya viwanda kufunga na kazi iishe kabla hamjafungua 1 Juni. Kama kuna nilichokosea, nirekebishe."

Sehemu inayoeleza kwa nini tarehe ilichaguliwa usiiache. Januari meneja atakuwa na wageni mpaka kwenye makochi na hatakumbuka mlivyohesabu. Akisoma sababu yake mwenyewe, hatahitaji kukumbushwa na wewe, na mwenye hoteli akimuuliza "huyu anakuja kufanya nini?" ana jibu tayari. Nayo "nirekebishe" ya mwisho humpa nafasi ya kusahihisha mapema badala ya kukuacha ufunge safari bure.

Kwenye kalenda ya simu yako weka tarehe hizo zote, na ndani ya kila moja andika maneno aliyoyasema mteja kama alivyoyasema: "pesa si tatizo baada ya sikukuu, mwenye hoteli anaidhinisha, wanafungua 1 Juni." Usiandike tafsiri yako, kama "yuko tayari". Baada ya miezi miwili tafsiri itakupotosha, lakini maneno yake yatakuambia uanzie wapi.

Kati ya Novemba na Januari

Hapa wauzaji wengi huharibu. Wanatuma salamu za kila Jumatatu, picha za miradi, "nakukumbusha tu". Ukishapata tarehe, huna haja ya kubisha hodi kila wiki. Tarehe yenyewe inakufanyia kazi. Nenda kupima siku uliyosema. Tuma profoma siku uliyosema. Hivyo viwili vinamwonyesha mteja kwamba kwako tarehe ni tarehe.

Baada ya hapo kaa kimya mpaka Jumatano, 6 Januari, utume mstari mmoja: "Bi Meneja, heri ya mwaka mpya. Alhamisi ya wiki ijayo tarehe 14, saa nne, mwenye hoteli bado yupo?" Unauliza wiki moja kabla kwa sababu bado kuna nafasi ya kusogeza siku ndani ya zile siku tisa. Ukiuliza tarehe 13 jioni na ukaambiwa amesafiri, umekwama.

Tuseme anakujibu kwamba bosi amebadili tiketi na anaondoka tarehe 10. Usiseme "basi tusubiri atakaporudi." Rudi kwenye kilichoifanya tarehe iwe tarehe, yaani adivansi kabla ya tarehe 22, na uulize: "Akiwa huko aendako, anaweza kuidhinisha kwa simu? Nikikuandalia ukurasa mmoja wa bei na vipimo, utamtumia kabla hajaondoka tarehe 10, halafu tuongee naye watatu kwa simu tarehe 14 saa ile ile?" Mahali na njia vinaweza kubadilika, tarehe ya uamuzi jitahidi ibaki.

Akiahirisha tena

Ahirisho la pili linapimwa kwa sababu yake. Kama sababu ni mpya na ina tarehe yake (pampu ya kisima imeungua na imekula pesa ya Januari, malipo ya wakala wa watalii yanaingia tarehe 25 Februari), huyo bado ni mteja. Rudia hesabu ile ile ukitumia tarehe mpya, na mwambie wazi kilichopotea: mzigo wa China hautawahi tena, iliyobaki ni stoo ya Dar es Salaam kwa bei ya juu, au kuanza baada ya msimu.

Kama sababu ni ile ile ya Novemba, au haipo kabisa, usitafute tarehe ya tatu. Uliza lile swali la mlango wa kutokea, upokee jibu, na umweke kwenye kalenda yako mahali pamoja tu: mwezi wa tisa. Hoteli nyingi zinazofunga hesabu Disemba huanza kupanga bajeti ya mwaka unaofuata kati ya Septemba na Novemba, na kitu kilichoingia kwenye bajeti hakihitaji tena kusukumwa.

Mteja mwenye kalenda tofauti na hii

Mfano wa hoteli usikufanye ufikiri robo ni moja kwa wote. Ukiuzia halmashauri, hospitali ya serikali au wakala wa umma Tanzania Bara, mwaka wao wa fedha unaanza 1 Julai na kuishia 30 Juni. Kenya na Uganda ni vivyo hivyo. Afisa manunuzi akikwambia mwezi Novemba "robo ijayo", anazungumzia Januari hadi Machi, na kwake hiyo ni robo ya tatu. Swali la kwanza kwake si pesa ipo lini. Muulize: "Kitu hiki kimo kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka huu?" Kama hakimo, robo ijayo haitakusaidia hata ukipiga kila siku. Unachotafuta hapo ni wakati idara zinapokusanya mahitaji ya bajeti ijayo, ili kitu chako kiandikwe na kinunuliwe baada ya Julai. Kama kimo, muulize kimepangwa robo ipi na zabuni itatangazwa lini kwenye mfumo wa NeST, kisha hakikisha usajili wako humo umekamilika kabla ya siku hiyo.

Kwa kampuni binafsi za Tanzania zinazofunga mwaka Disemba, kuna tarehe nyingine inayofaa kukumbukwa: kodi ya makadirio hulipwa TRA kwa awamu nne, kufikia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Disemba. Wiki ya mwisho ya robo, mhasibu anatafuta pesa ya kodi na mishahara kwa pamoja. Tarehe ya kuomba adivansi ukiiweka hapo, utaahirishwa hata na mteja anayekupenda. Pendekeza wiki ya pili au ya tatu ya mwezi wa kwanza wa robo.

Shule binafsi nazo zina kalenda ya ada. Muhula ukifunguliwa Januari na Julai, pesa huingia wiki za mwanzo na hupungua haraka, na kazi ya majengo hufanyika wanafunzi wakiwa likizo. Mwenye shule akikwambia robo ijayo, muulize muhula unafunguliwa tarehe ngapi na likizo inaanza lini, kisha omba kikao wiki ya tatu baada ya kufungua, ada ikiwa imeshaingia na bado haijatumika.

Na kama mteja atakujibu kwa uaminifu kwamba hajui lini, kwamba kila kitu kinategemea kikao cha bodi ambacho hakijapangiwa siku, usimlazimishe ataje tarehe ya uongo ili daftari lako lijae. Muulize nani anaitisha kikao na kwa kawaida taarifa hutoka siku ngapi kabla. Kisha mkubaliane kuhusu siku ya kuulizia tu: "Basi Jumanne tarehe 8 Disemba nitakuuliza kama bodi imeshapangiwa siku. Swali hilo moja tu." Siku hiyo ikifika, uliza hilo moja.